Kiraka Kinachojua Umbali: Kuondoa Friza Kwenye Picha ya Sakafu ya Vigae

Kufuta ndege angani kwenye picha ni kazi ya kugusa mara moja. Kufuta friza iliyokaa katikati ya sebule yenye vigae ni kazi nyingine kabisa, na ukubwa wa friza si sababu kuu. Anga halina vipimo. Sakafu ya vigae imejaa vipimo: kila mstari wa kiungo ni rula iliyochorwa ndani ya picha yenyewe, na hata mtu ambaye hajawahi kushika kamera ataona papo hapo mstari uliovunjika au kigae kilichonenepa kuliko jirani zake. Ukuta wenye karatasi ya maua una tabia hiyohiyo. Kwa hiyo swali ni kiraka gani kinaweza kupita chini ya rula hiyo bila kukamatwa.

Tuchukue picha moja tuifuate hadi mwisho. Ni sebule ya nyumba ya kupangisha, imepigwa kwa simu yenye picha za pikseli 4000 kwa 3000, lenzi yake ikiwa na uga sawa na milimita 26. Mpiga picha amesimama wima, simu iko kimo cha sentimita 150, haikuinamishwa, na inautazama ukuta wa mbele sawasawa. Ukuta uko sentimita 620 kutoka kwenye kamera. Vigae ni vya sentimita 40, na kila kimoja kimechapwa robo ya ua kwenye pembe moja, hivyo vinne vikikutana ua linakamilika. Friza ina upana wa sentimita 100, kina cha 60 na kimo cha 85. Uso wake wa mbele uko sentimita 400 kutoka kwenye kamera, na upande wake wa kushoto umeangukia katikati kabisa ya picha. Dirisha liko kushoto, kwa hiyo kivuli cha friza kinalala kulia.

Kwa vipimo hivyo hesabu ni nyepesi. Lenzi hiyo inafanya kitu cha sentimita 100 kilicho umbali wa sentimita 300 kionekane kwa upana wa pikseli 1000. Kigae kilicho sentimita 300 kutoka kwenye kamera, pale chini kabisa ya picha, kina upana wa pikseli 400. Kilicho sentimita 600 kina pikseli 200. Upana umepungua kwa nusu, kama mtu yeyote angetarajia. Lakini tazama kina chake, yaani urefu wake kutoka chini kwenda juu kwenye picha: kigae cha karibu kina pikseli 176, cha mbali, kikihesabiwa kizima, kina 47 tu. Umbali umeongezeka mara mbili, upana umekwenda nusu, kina kimekwenda karibu robo. Hapo ndipo kiraka cha kawaida kinaposhindwa. Mtu anayekata kipande cha sakafu ya karibu, akakipunguza kwa nusu na kukibandika mbali, atapata vigae vyenye upana sahihi ambavyo vimesimama kama ukuta, kwa sababu kina chake bado ni karibu maradufu ya kinavyopaswa.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulikosea kabla hata hawajafungua programu. Hudhani kazi ni ya kujaza mahali friza ilipokaa. Friza yenye kina cha sentimita 60 inaficha zaidi ya hapo. Kutoka kwenye jicho la kamera iliyo kimo cha 150, mstari unaopita juu ya friza haugusi tena sakafu kabla ya kufika ukutani. Kwa hiyo sakafu yote kuanzia sentimita 400 hadi 620 imefichwa, nyuma yake ukuta nao umefichwa hadi kimo cha sentimita 62 hivi, na kwa kuwa kinachofichwa hutanuka kadiri unavyokwenda nyuma ya friza, upana uliofichwa pale ukutani ni sentimita 155, si 100. Ndiyo kusema tuna nyuso mbili za kutengeneza, sakafu na ukuta, na mstari wa skatingi unaozikutanisha.

Kanuni inayotuokoa ni ya zamani. Picha ya uso bapa inaweza kugeuzwa iwe picha ya uso huohuo ulionyooka, mradi tunajua pembe nne: tukisema pembe hizi nne za picha ni pembe nne za mstatili halisi sakafuni, nukta nyingine zote za sakafu hiyo zinapata mahali pake. Pikseli inapewa anwani ya sentimita. Baada ya hapo kusogeza kipande cha sakafu ni kujumlisha sentimita, kisha kurudi kwenye picha. Photoshop iliiweka kanuni hii mkononi mwa watu mwaka 2005, katika toleo la CS2, kwa jina la Vanishing Point chini ya menyu ya Filter. GIMP inayo Perspective Clone. Na anayependa kuandika mwenyewe kwa OpenCV anahitaji mistari minne:

```python
H = cv2.getPerspectiveTransform(pembe_picha, pembe_sakafu)
T = np.array([[1, 0, 240], [0, 1, 0], [0, 0, 1]], float)
M = np.linalg.inv(H) @ T @ H
kiraka = cv2.warpPerspective(picha, M, (4000, 3000))
```

Hapo `H` inapeleka picha sakafuni, `T` inasogeza kulia kwa sentimita 240, na kinyume cha `H` kinarudisha. Zote tatu zimeunganishwa kuwa hatua moja kwa makusudi. Ukinyoosha picha, ukaihifadhi, ukatengeneza, kisha ukaipinda tena, kila pikseli imekadiriwa mara mbili na kiraka kinatoka kimefifia.

Kwa nini 240? Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika kazi hii, na ndilo ambalo maelekezo mengi hulipitia juujuu. Programu haijui ua lako linarudi baada ya hatua ngapi. Vigae vya sentimita 40 vinaruhusu kusogea 40, 80, 120 na kuendelea, na mistari ya viungo itakutana vizuri kila mara. Lakini ua linahitaji vigae viwili kwa viwili, kwa hiyo hatua halali ni 80, 160, 240. Sasa, sehemu iliyofichwa inafika upana wa 155 pale ukutani. Tukisogeza 160 tunabakiwa na sentimita 5 tu kati ya chanzo na friza, na ukingo laini wa kiraka utaanza kunyonya weupe wa friza yenyewe. Tukisogeza 200, ambavyo ni vigae vitano, viungo vitalingana lakini maua yatakatika nusu, na hilo ni kosa baya zaidi kwa sababu linapita jaribio la haraka na kuonekana siku picha imekwisha kwenda kwa mwenye nyumba. Tukisogeza 240 tunapata nafasi ya sentimita 85, na kule mbele, kwenye umbali wa 400, chanzo kinaanzia sentimita 240 kushoto mwa katikati, ilhali picha inaonyesha hadi 267. Kinaingia. Hatua inayofuata, 320, ingetoka nje ya picha.

Nimechagua kusogea pembeni badala ya mbele na nyuma, na hapa sina ugomvi na nafsi yangu: ikiwezekana, azima pembeni. Kamera inapoutazama ukuta sawasawa, kigae kilicho kushoto kwa umbali uleule kina ukubwa uleule kwenye picha. Hakuna kinachotanuliwa wala kubanwa. Kinachobadilika ni kiasi cha kusogea: mstari wa mbele, kwenye sentimita 400, unasogea pikseli 1800, mstari wa chini ya ukuta unasogea 1161 tu. Kiraka kinainama kama mkeka uliovutwa upande mmoja. Mtu anayetumia mhuri wa kawaida, Clone Stamp, anasogeza vyote pikseli 1800, na afikapo ukutani amekosea kwa pikseli 639, zaidi ya vigae vitatu.

Kuazima kutoka mbali kuleta karibu ni balaa. Kigae cha umbali wa 600 kikiletwa kwenye 300 kinatanuliwa mara mbili kwa upana na karibu mara nne kwa kina. Maelezo hayakuwepo, kwa hiyo utapata uji. Kinyume chake, kutoka karibu kwenda mbali, kinavumilika, ila kiraka huwa na ukali zaidi kuliko majirani na chembechembe za kelele ya kamera hubanwa zikatoweka. Sehemu inaonekana imepigwa pasi. Pembeni kuna faida nyingine ambayo fundi wa vigae ataielewa haraka kuliko mpiga picha: safu ya mwisho chini ya ukuta kwa kawaida ni vipande vilivyokatwa. Sebuleni petu huenda ni vya sentimita 25. Ukisogeza pembeni, safu ya vipande inajaza safu ya vipande. Ukisogeza kutoka mbele, unapandikiza kigae kizima mahali pa kipande na mstari unatumbukia ndani ya skatingi.

Basi tuingie kwenye Vanishing Point. Kabla ya kufungua, tengeneza tabaka jipya tupu na ulichague, ili matokeo yakae peke yake na picha ya chini ibaki salama. Chukua Create Plane Tool uweke nukta nne. Hapa tamaa ya kuchagua kigae kimoja kilicho wazi ni kubwa, na inafaa kuikataa. Kigae kimoja chenye pikseli 300 kikikosewa pikseli 2 pembeni, kosa hilo likipanuliwa vigae vitano mbele linafika angalau pikseli 10. Kiungo cha milimita 5 kwenye umbali wa sentimita 400 kina upana wa pikseli nne pungufu kidogo. Umekosea kwa zaidi ya upana wa viungo viwili, na bado hujaanza kazi. Chagua mstatili mkubwa kuliko wote unaoweza kuona pembe zake: vigae sita kwa vitano upande wa kushoto, kwa mfano, ukikuza picha kila unapoweka nukta. Kisha vuta ukingo wa kulia mpaka gridi ifunike friza.

Gridi ikiwa nyekundu au ya manjano, programu imeshindwa kuelewa pembe zako. Ikiwa ya bluu, imeelewa. Haimaanishi kwamba umepatia. Rekebisha Grid Size mpaka mistari ya gridi ilale juu ya viungo, halafu kagua maeneo ya mbali na pale ulipoweka nukta, hasa kulia kwa friza ambako hukugusa kitu. Mistari ikilala pale pia, gridi ni nzuri.

Kipo kipimo kingine ambacho ni cha tangu mwaka 1435. Leon Battista Alberti, katika kitabu chake kuhusu uchoraji, alieleza jinsi ya kuchora sakafu ya miraba inayokwenda mbali, akawakosoa wachoraji waliokuwa wakipunguza kila safu kwa theluthi ya ile iliyotangulia. Namna yake ya kuhakiki ilikuwa rahisi: mstari mmoja mnyoofu lazima uwe ulalo wa miraba kadhaa mfululizo. Fanya hivyohivyo kwenye picha kabla ya kufungua kichujio. Chora mstari kutoka pembe ya kigae kimoja, kwa ulalo, hadi pembe ya kigae cha tano au sita. Pembe za katikati zikiukalia mstari, picha ni nyoofu. Zikiinuka kama upinde, lenzi imepinda mistari, jambo la kawaida kwa lenzi pana za simu, na hakuna nukta nne duniani zitakazoifaa gridi yako. Nyoosha upindaji wa lenzi kwanza, kwa Lens Correction, kisha rudi.

Gridi ikishakaa, tumia Marquee Tool kuchora eneo linalofunika friza pamoja na kivuli chake. Ndani ya kichujio hiki ukishika Ctrl na kuburuta, eneo ulilochagua linajazwa na sehemu unayoielekeza kwa mshale. Ukishika Alt na kuburuta, unanakili eneo hilo na kulipeleka kwingine. Kwa kuondoa friza, Ctrl ndiyo njia: eneo liko mahali pake, unaburuta kushoto mpaka maua yakae. Anza bila kulainisha kingo, Heal ikiwa Off, ili uone wazi viungo vinavyokutana. Kiungo kilichokosewa hakifichwi kwa kulainishwa. Kinakuwa viungo viwili hafifu.

Ukuta una gridi yake. Shika Ctrl uvute nukta ya katikati ya ukingo wa gridi ya sakafu unaogusa ukuta, na uso wa pili utasimama wima kutoka hapo. Na hapa kuna mtego mzuri. Karatasi za ukutani za kipimo cha Ulaya zina upana wa sentimita 53 kwa kila roli, na picha yake hujirudia roli kwa roli. Hatua halali za ukuta ni 53, 106, 159, 212. Hatua ya 159 inaacha sentimita 4 tu, kwa hiyo tunachukua 212. Sakafu inasogea 240, ukuta unasogea 212. Hakuna kiraka kimoja kinachoweza kutibu vyote viwili kwa mpigo, na anayejaribu kuchora eneo moja linalovuka kutoka sakafuni kupanda ukutani atapatia kimoja na kuvunja kingine. Fanya sakafu, thibitisha, kisha ukuta, na skatingi iwe ndiyo mshono. Skatingi ya rangi moja inasamehe sana.

Mpaka hapa umbo limetengenezwa. Mwanga haujaguswa, na kwa maoni yangu picha nyingi za aina hii hukamatwa kwenye mwanga, viungo vikiwa sawa kabisa. Chanzo chetu kiko karibu na dirisha, kwa hiyo kiraka kimekuja na weupe wa upande wa kushoto. Heal ikiwekwa On, kiraka kinabakiza maelezo yake lakini rangi na mwanga vinafuata majirani. Hesabu ya namna hii ilielezwa vizuri na Pérez, Gangnet na Blake mwaka 2003: badala ya kunakili rangi, unanakili tofauti kati ya pikseli na jirani yake, halafu rangi halisi inaingia kutoka kwenye ukingo wa kiraka. Ndiyo pia iliyomo katika `cv2.seamlessClone`. Ukishaielewa hivyo, udhaifu wake unajitokeza wenyewe. Ukingo ndio unaotawala rangi ya ndani. Ukingo ukikanyaga kivuli cha friza hata kwa pikseli chache, weusi unasambaa ndani kama doa la maji, na mtu hubaki akishangaa kwa nini friza imekwenda na giza lake limebaki. Dawa ni kupanua eneo mpaka ukingo wote ulale kwenye sakafu safi, hata kama hilo linamlazimu mtu kuazima zaidi.

Vigae vinavyong'aa vina shauri gumu zaidi. Vinaiakisi friza. Taswira yake inaning'inia chini ya friza, kuelekea kwa mtazamaji, na kwa vipimo vyetu uso wa mbele wenye kimo cha 85 unaakisiwa mpaka nje ya ukingo wa chini wa picha. Inakuwa na nguvu karibu na friza, ambako tunaitazama sakafu kwa pembe ya chini, na kufifia inapotujia. Kuipuuza ni kuacha mzimu mweupe wa kitu kisichokuwepo. Upande wa pili, mng'ao wa dirisha kwenye vigae si mali ya sakafu. Unategemea mahali kamera iliposimama. Ukiazima vigae vilivyo chini ya dirisha, unalibeba dirisha nalo, na chumba kinapata mng'ao wa pili usio na chanzo. Hapo ni afadhali kuazima vigae visivyo na mng'ao hata kama viko pabaya zaidi kwa umbali, kisha kuongeza mwanga hafifu kwa mkono.

Mwisho wa ukaguzi, tafuta pacha. Kigae kilichomeguka kona au chenye doa la chai kitakuwa kimejitokeza mara mbili, sentimita 240 kutoka chenyewe, na jicho huwaona pacha haraka ajabu. Futa mmoja kwa Healing Brush. Geuza picha kushoto-kulia, uipunguze iwe ndogo kama stempu, uangalie kama kuna mahali jicho linajikwaa.

Programu zinazojaza zenyewe zimejaribu kuifuta kazi hii yote. Mbinu ya PatchMatch ya mwaka 2009, iliyoingia Photoshop CS5 mwaka uliofuata kwa jina la Content-Aware Fill, hutafuta vipande vinavyofanana na kuvisogeza, na kwenye nyasi au mchanga hufanya vizuri. Kwenye vigae vinavyopungua kwa umbali hupotea, kwa kuwa kipande sahihi hakipo popote kwa umbo huo. Mwaka 2014 Huang, Kang, Ahuja na Kopf walionyesha kuwa kompyuta inaweza kuzitafuta nyuso na mistari yake yenyewe, kisha kuongoza utafutaji kwa kuzifuata. Hata hapo, sakafu iliyoteremshwa kuelekea tundu la maji si uso mmoja, wala ukuta uliopinda.

Kama bado kuna nafasi ya kurudi kwenye nyumba hiyo, ipo njia iliyo bora kuliko kuazima. Picha mbili za uso bapa uleule, zilizopigwa kutoka mahali tofauti, zinaunganishwa na kanuni ileile ya pembe nne. Sogea kulia na mbele mpaka uone nyuma ya friza, inua simu, upige tena: sasa sakafu iliyokuwa nyuma yake inaonekana. Tafuta pembe nne za vigae zinazoonekana kwenye picha zote mbili, zipeleke za picha ya pili juu ya za kwanza, na utapata vigae vyenyewe, na madoa yake na safu yake ya vipande. Mng'ao utatofautiana na utahitaji kusawazishwa. Ukuta nao utapewa pembe zake nne peke yake. Kitakachobaki bila kuonekana popote ni pale friza ilipokaa, sentimita 100 kwa 60, ambapo kwenye picha yetu ni ukanda wa pikseli 147 tu kwenda juu. Huo ndio utakaoazimiwa, vigae sita kutoka kushoto.